Bei inagonga sifuri na kurudi: ni nani anayekaa pale 1.1000?



Tangu vijana wetu waanze kufungua akaunti za foreksi kwenye simu, kuna swali moja ninaloulizwa karibu kila wiki. Linakuja hivi: "Mkubwa, nilinunua euro, nikaweka Stop Loss chini kidogo ya 1.1000. Bei ilishuka, ikanigonga, kisha ikapanda kule kule nilikokuwa naitazamia. Broka ananiangalia mimi?"

Leo nataka kulijibu vizuri, sababu nyuma ya swali hilo kuna feza za minerval na za kakao ya wazazi. Jibu fupi ni kwamba mara nyingi hakuna mtu anayekuangalia wewe. Wewe na maelfu ya watu wengine mumeweka oda zenu mahali pamoja, bila kupatana, na mahali hapo panajulikana na kila mtu. Namba inayoishia na sifuri sifuri ni kama njiapanda ya soko: kila mtu akitaka kukutana na mwenzake anasema "tukutane pale." Lakini oda zinazorundikana pale si za aina moja, na haziko kwenye alama ileile. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini bei inarudi mara nyingine na kukimbia mara nyingine.

Tuanze na soko letu

Wakati wa masomo, siku za likizo, nilikuwa ninakaa kwenye meza ya mkambisti mmoja pale Butembo. Mwaka 2024 dola ilikuwa inazunguka karibu na franka elfu mbili mia nane. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza "leo ni 2,813?" Watu walisema 2,800, au 2,850, au 2,750. Sababu ya kwanza ni ya mkononi: noti ndogo za franka hazitembei tena vizuri, na hakuna anayetaka kubishana juu ya franka 13 ambazo hawezi kuzirudisha. Bei inakatwa ili feza iweze kuhesabiwa.

Sasa fungua EURUSD kwenye simu. Pale bei inaandikwa mpaka tarakimu ya tano nyuma ya nukta: 1.10003, 1.10004. Hakuna noti inayokosekana, kompyuta inaweza kulipa kila sehemu ndogo. Kama kukata bei kungekuwa ni shida ya noti tu, kwenye grafiki ya euro sifuri zisingekuwa na uzito wowote. Lakini zina uzito. Basi sababu iko kwingine, na iko ndani ya kichwa cha mtu.

Mkulima wa kakao hapa Oicha mwenye magunia mawili ndani ya nyumba anakuambia: "Mimi sitauza mpaka kilo ifike elfu kumi na tano." Hakusema 14,870. Alichagua namba ambayo kichwa kinaweza kuishika, ambayo anaweza kumwambia mke wake na mnunuzi bila kuandika popote. Jirani yake naye anasema elfu kumi na tano, na wa tatu pia. Siku mnunuzi anafika na elfu kumi na tano, magunia yanatoka nyumba zote siku moja, mnunuzi anajaza gari, na hana tena haja ya kupandisha bei. Bei imefika namba ya sifuri, na imesimama. Hakuna aliyepanga.

Mkulima huyo ameweka oda bila kujua. Kwenye MetaTrader oda yake inaitwa Take Profit.

Oda mbili zenye tabia tofauti

Take Profit ni oda inayongoja. Inasema: bei ikifika hapa, niko tayari kuuza (au kununua), na siko tayari kwa bei mbaya kuliko hii. Inakaa sokoni kama gunia mlangoni. Anayekuja na nguvu ya kupandisha bei anakutana nayo, anapaswa kwanza kuimaliza ndipo aendelee juu. Kwa hiyo rundo la Take Profit linapunguza mwendo wa bei, na likiwa kubwa linaurudisha nyuma.

Stop Loss ni kinyume. Chukua mkambisti anayeshika dola elfu moja na kusema: "Dola ikishuka chini ya 2,500, natoa zote, bei yoyote." Yeye hangoji mnunuzi. Siku bei inavunja 2,500 anaingia sokoni kwa haraka na kumuuzia yeyote aliye mbele yake, kwa bei yoyote atakayopewa. Mauzo yake yanaisukuma dola chini zaidi, na pengine inamfikia mkambisti wa pili aliyesema 2,480, naye anatoa zake. Kwa hiyo rundo la Stop Loss linaongeza mwendo wa bei. Likianza kuwaka, moto unaruka kutoka nyumba moja mpaka nyingine.

Shikeni tofauti hiyo: oda ya kwanza ni ukuta, ya pili ni petroli. Swali linalobaki ni zinawekwa wapi.

Aliyehesabu

Hapa hatuhitaji kubahatisha, sababu kuna mtu aliyehesabu. Mchumi Carol Osler, aliyefanya kazi Banki ya Akiba ya Shirikisho ya New York, alipata daftari la oda za banki moja kubwa ya Uingereza, kuanzia mwezi wa 8 mwaka 1999 mpaka mwezi wa 4 mwaka 2000. Zilikuwa oda 9,655, za zaidi ya dola bilioni 55, kwenye jozi tatu: dola na yeni, pauni na dola, euro na dola. Utafiti wake ulitoka mwaka 2003.

Aliangalia tarakimu mbili za mwisho za kila oda. Kama watu wangekuwa wanachagua bei bila kujali sifuri, kila jozi ya tarakimu, toka 00 mpaka 99, ingepata karibu oda moja kwa mia. Haikuwa hivyo. Zile zinazoishia na 00 zilikuwa nyingi mara kadhaa kuliko hapo, na 50 ikafuata.

Lakini kitu chenye thamani zaidi kilikuwa hiki. Take Profit zilirundikana juu ya 00 yenyewe. Stop Loss zilikuwa zimesogea kidogo: za kununua zilirundikana juu kidogo ya namba ya sifuri, na za kuuza zilirundikana chini kidogo yake. Ukifikiri, ni jambo la akili. Mtu anayeamini kwamba 1.1000 itashika anaweka ulinzi wake nyuma ya ukuta, hawezi kuuweka mbele yake. Anasema: "Kama hata 1.1000 imevunjika, basi nilikosea, nitoke."

Sasa unganisha. Bei ikishuka toka 1.1040, inakutana kwanza na ukuta pale 1.1000, wale waliouza juu na wanaotaka kununua tena ili wachukue faida yao. Hapo bei inarudi mara nyingi zaidi kuliko inavyorudi kwenye namba nyingine yoyote. Lakini ikipita, kwa mfano ikafika 1.0993, inaingia kwenye petroli, na inakimbia kuliko kawaida. Osler aliona mambo yote mawili kwenye mwendo wa bei: kurudi kwingi kwenye sifuri, na kasi zaidi baada ya kuzivuka.

Ona sasa yule kijana wa swali la kwanza. Stop Loss yake ilikuwa chini kidogo ya 1.1000, maana yake katikati ya petroli. Bei ilipovuka kidogo, rundo likawaka, naye akatoka pamoja na wengine. Rundo lilipokwisha, hakukuwa tena na muuzaji, na bei ikapanda. Soko hili lilikuwa linazungusha dola trilioni 7.5 kwa siku mwezi wa 4 mwaka 2022, kwa hesabu ya Banki ya Makubaliano ya Kimataifa ya Basel. Oda yako ya dola mbili haivuti jicho la mtu yeyote. Kinachovuta bei ni rundo, na wewe ulikuwa ndani ya rundo.

Kisa: euro na dola, mwezi wa 7 mwaka 2022

Tuchukue namba yenye sifuri kuliko zote: 1.0000, yaani euro moja kwa dola moja. Kwa karibu miaka ishirini euro haikuwa imeshuka chini ya hapo. Mara ya mwisho ilikuwa mwisho wa mwaka 2002. Mwanzoni mwa 2022 ilikuwa juu ya 1.13. Vita vya Ukraine vilipandisha bei ya gesi Ulaya, na Amerika ilikuwa inapandisha riba haraka kuliko Ulaya. Euro ikashuka mwezi baada ya mwezi.

Tarehe 12 mwezi wa 7 ilifika kwenye 1.0000, ikagusa, na ikarudi juu. Haikupita. Fikiri jambo hilo: sarafu imeteremka zaidi ya senti 13, na inasimama kabisa kwenye alama ambayo mtoto wa shule angeichagua.

Sehemu ya maelezo ni ile ya Take Profit. Waliokuwa wameuza euro kwa 1.13, 1.10, 1.06, wengi walijiambia tangu mwanzo: "Nitatoka kwenye moja kwa moja." Sehemu nyingine ni mikataba ya opsheni. Kuna mikataba inayomlipa mwenyewe kiasi kilichokubaliwa kwa sharti moja: bei isiguse kiwango fulani mpaka tarehe fulani. Watu wanaoandika mikataba hiyo huchagua viwango vya sifuri, kama sisi wote. Mwenye mkataba unaokufa bei ikigusa 1.0000, au ikipita pale, ana sababu kubwa ya kununua euro bei inapokaribia, ili mkataba wake uishi. Kwa hiyo mbele ya 1.0000 kulikuwa na wanunuzi ambao hawakuipenda euro hata kidogo. Walikuwa wanalinda karatasi yao.

Siku iliyofuata, tarehe 13, Amerika ilitangaza mfumuko wa bei wa asilimia 9.1. Euro ikapita, ikaonekana 0.9998, kisha ikarudi tena juu. Tarehe 14 ukuta ulikuwa umechoka: wanunuzi wengi walikuwa wamekwisha kununua, na bei ikateremka mpaka karibu 0.9952. Kisha ikapanda, na siku Banki Kuu ya Ulaya ilipopandisha riba, tarehe 21, ilikuwa karibu 1.02.

Kama ungesimama hapo, ungeandika kwamba 1.0000 ni chini isiyovunjika. Lakini mwezi wa 8 euro ilirudi na kupita, na mwisho wa mwezi wa 9 ilikuwa karibu 0.9540. Gesi na riba ndizo zilizokuwa zinaongoza safari. Sifuri ziliamua tu mahali gari linapunguza mwendo na mahali linapokimbia. Anayenunua "juu bei imefika sifuri" anashika usukani wa tuta la barabarani.

Na kwenye hisa?

Sisi hatuna soko la hisa hapa Kongo, lakini mambo ni yaleyale kwa waliopo. New York, mpaka mwaka 2001, hisa ziliuzwa kwa vipande vya dola: nusu, robo, sehemu ya nane, na miaka ya mwisho hata ya kumi na sita. Watafiti waliohesabu tangu miaka ya 1960 waliona ngazi iliyo wazi: bei ya dola kamili ilikuwa nyingi kuliko ya nusu, ya nusu nyingi kuliko ya robo, na ya robo nyingi kuliko sehemu za nane zisizogawanyika. Kichwa cha mtu kinapanga namba kwa vyeo, na 00 ndiye chifu.

Nairobi kuna mfano wa karibu nasi. Safaricom ilipouza hisa kwa raia mwaka 2008, bei iliwekwa kuwa shilingi 5 kamili. Hisa ilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 mwezi wa 6, ikapanda, kisha mwaka uleule ikashuka chini ya 5. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamenunua kwa bei moja, ya sifuri, na wengi wao hawakuwahi kununua hisa maisha yao yote. Mtu wa namna hiyo, hisa ikiwa 3 au 4, hasemi "nitauza kwa faida." Anasema "nirudishiwe feza yangu tu," na feza yake ni 5. Kwenye hisa, basi, namba ya sifuri inaweza kuwa na uzito mara mbili: ni rahisi kuikumbuka, na pia ni bei ambayo wengi waliingilia.

Mambo matatu ya kuangalia kwenye simu yako

La kwanza linahusu wale wanaouza, na linasababisha kelele nyingi kuliko yote. Grafiki ya MetaTrader inachora bei ya Bid peke yake. Lakini ukiwa umeuza, unatoka kwa kununua, na unanunua kwa Ask, iliyo juu zaidi. Tuseme umeuza EURUSD kwa 1.0985 na Stop Loss yako iko 1.1006. Grafiki inaonyesha bei ilifika juu kabisa 1.1004, kisha ikashuka, na bado umefungwa. Unasema wameniibia. Lakini kama tofauti ya Bid na Ask ilikuwa pipu 2, Ask ilifika 1.1006 kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya grafiki, washa mstari wa Ask, na uangalie pia saa ilikuwa ngapi: wakati siku ya soko inafungwa kule New York, usiku kwetu, tofauti hiyo inapanuka sana. Kama hata ukihesabu Ask bei haikufika kwenye oda yako, hapo ndipo una neno la kumuuliza broka.

La pili ni kusogeza Stop Loss nje ya petroli, na hapa akaunti ndogo inaumia. Una dola 100, na umeamua kutopoteza zaidi ya dola 2 kwa oda moja. Loti ndogo ambayo akaunti nyingi zinaruhusu ni 0.01, na kwa EURUSD hiyo ni senti 10 kwa kila pipu. Dola 2 ni pipu 20. Ukinunua kwa 1.1012, pipu 20 zinakupeleka 1.0992, ndani kabisa ya rundo. Ili uwe chini ya rundo, tuseme 1.0972, unahitaji pipu 40, yaani dola 4, mara mbili ya ulichokubali. Kwa loti 0.005 hesabu ingekubali, lakini akaunti yako haina 0.005. Basi zimebaki njia mbili za haki: kubali dola 4 ukijua unachofanya, au acha oda hiyo. Njia ya tatu, kubana Stop Loss ndani ya rundo ili hesabu ikubali, ndiyo wengi wanaichagua, na ndiyo inayokula akaunti kidogo kidogo.

La tatu: Stop Loss si ahadi ya bei. Banki Kuu ya Uswisi ilitangaza tarehe 6 mwezi wa 9 mwaka 2011 kwamba haitakubali euro ishuke chini ya franka za Uswisi 1.20. Namba ya sifuri, na banki kuu nyuma yake na feza isiyokwisha. Kwa zaidi ya miaka mitatu watu walinunua euro karibu na 1.20 na kuweka Stop Loss chini kidogo. Tarehe 15 mwezi wa 1 mwaka 2015, asubuhi, banki iliondoa ulinzi bila kuonya. Ndani ya dakika chache euro ilikuwa chini ya franka 1.00. Zile Stop Loss zote ziliwaka kwa pamoja, na chini yake hakukuwa na mnunuzi. Oda iliyoandikwa 1.1990 ilitekelezwa pale mnunuzi wa kwanza alipopatikana, mbali sana chini. Wateja wengi waliamka wakiwa na deni kwa broka wao, na siku iliyofuata broka Alpari wa Uingereza alitangaza kwamba hawezi tena kulipa. Ukuta unaoaminiwa na kila mtu ndio unaokusanya petroli nyingi nyuma yake.

Usiniamini mimi, hesabu

Sisi ni watu tuliosoma, na jambo hili linapimika bila feza hata moja. Chukua EURUSD ya kila siku, siku 200 za mwisho, bei ya juu kabisa na ya chini kabisa ya kila siku. Utakuwa na bei 400. Ziweke kwenye Eksel, safu A, kisha andika:

```
=MOD(ROUND(A2*10000,0),100)
```

Fomula hiyo inakupa tarakimu mbili za mwisho. Hesabu ni ngapi zimeanguka kati ya 95 na 99 au kati ya 00 na 05: hizo ni namba 11 kati ya 100. Kama sifuri hazina nguvu yoyote, unategemea karibu 44. Kisha hesabu kipande kingine kilicho mbali na sifuri, kwa mfano 25 mpaka 35, nacho ni namba 11, ili uwe na cha kulinganisha.

Kuwa mwangalifu na hukumu. Kwa bei 400, bahati peke yake inaweza kukupeleka 50 au kukushusha 38, na hiyo haisemi kitu. Ukipata 60 upande wa sifuri na 40 upande wa pili, hapo kuna jambo. Ukipata 46 na 43, sema hivyo bila haya: kwa siku hizo 200, kwenye jozi hiyo, sifuri hazikuonekana. Nguvu yake ni ya wastani, inaonekana ukihesabu mara nyingi, na haikuahidi chochote kwa oda moja ya Jumanne asubuhi.

Ndiyo maana, mtu akikuuzia "signali" na kukuambia bei itarudi kwenye 1.1000 kwa hakika, muulize swali moja tu: pale 1.1000, leo, kuna ukuta kiasi gani na petroli kiasi gani? Daftari la oda za banki liko mikononi mwa banki. Yeye hana. Wewe pia huna. Unachojua ni mahali zinaporundikana, na hiyo inatosha kwa kazi moja: usilale na oda yako katikati yao.